Je, wajua? Ukinunua duka, wateja hawamo kwenye funguo

"Nimenunua duka pamoja na jina lake. Mwenyewe wa zamani anaweza kufungua lingine mtaa uleule?"

Anaweza, kama mkataba haukumkataza. Mimi nami niliwahi kubisha hadi nikakauka koo kwamba hawezi, na kosa langu lilianzia kwenye neno gudwili. Nairobi, gudwili mara nyingi ni zile pesa unazotoa ili upewe kibanda, ambazo Dar huitwa kilemba. Nikadhani anayeilipa amenunua mahali. Kumbe gudwili ya kisheria ni mazoea ya wateja kurudi. Jaji Eldon wa Uingereza alisema mwaka 1810 kwamba si chochote zaidi ya uwezekano wa wateja wa zamani kurudi palepale. Uwezekano tu, na watu huulipia mamilioni!

Chukua duka la vifaa vya ujenzi, tuseme Mombasa, linalouzwa shilingi 2,500,000. Bidhaa zina thamani ya 1,400,000. Rafu, mizani na mkokoteni 300,000. Zile 800,000 zilizobaki ndizo gudwili. Ni kama kununua mzinga wenye nyuki. Mbao zenyewe ni bei rahisi. Unalipa zaidi kwa sababu nyuki wamezoea kurudi humo. Lakini nyuki hafungwi kamba. Aliyekuuzia akitundika mzinga mwingine mti wa pili, hajavunja sheria. Akija na moshi kuwahamisha wako, hapo amevunja. Baraza la Malodi la Uingereza liliuchora mpaka huo mwaka 1896, na sheria ya Kenya ina mizizi hukohuko: muuzaji anaweza kushindana nawe, ila asiwaendee wateja aliokuuzia kuwaomba wamfuate.

Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu huandikisha kifungu cha kutoshindana, chenye eneo na muda. Miaka 2 ndani ya kilomita 5 kwa duka kama hili pengine itasimama. Miaka 20 nchi nzima, sidhani, maana mahakama hupima kama kizuizi kinazidi kile kinachohitajika kulinda ulichonunua. Kipimo chenyewe hakina rula: mwaka 1894 muuza silaha Nordenfelt alizuiwa miaka 25, dunia nzima, kwa kuwa wateja wake walikuwa serikali za dunia nzima.

Wafanyakazi nao? Uganda, sheria ya ajira ya 2006 huwahamishia kwa mnunuzi moja kwa moja. Kenya haiko hivyo. Kwa kawaida muuzaji huwapunguza kazi kwa notisi ya mwezi na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, kisha mnunuzi huajiri upya anaowataka. Wa kaunta aliyetimiza miaka 6 huondoka na malipo ya siku 90, pamoja na namba za mafundi wote kwenye simu yake. Kama kifungu chako hakikumzuia muuzaji kumwajiri, mzinga wa pili umeshapata mtu wa kuwaita nyuki kwa majina.