Bahasha na nauli ya mwandishi: ni nini, na sera ya chumba cha habari iseme nini

Bahasha ni fedha ambazo mwandaaji wa tukio humpa mwandishi wa habari aliyekuja kuliripoti. Mitaani na kwenye vyumba vya habari vya Tanzania wengi huiita mshiko. Kwenye bajeti ya mwandaaji jina hubadilika: nauli, posho, au uwezeshaji wa vyombo vya habari. Siku hizi mara nyingi hakuna hata karatasi ya kaki. Unaandika namba ya simu unapojiandikisha mlangoni, na jioni, ukiwa bado unatafuta namna ya kuanza habari yako, fedha zinaingia kwenye simu.

Neno nauli ndilo linalochanganya watu, kwa hiyo tuchukue mfano. Shirika fulani linazindua mradi wa maji kwenye hoteli moja Posta, Dar es Salaam. Mwandishi wa kujitegemea anatoka Mbagala kwa daladala, na kwenda na kurudi anatumia, tuseme, shilingi 2,000. Mwisho wa shughuli anasaini fomu na kupewa 50,000. Redio anayoiandikia humlipa kwa habari iliyotoka, tuseme 7,000. Nauli yake imerudi, na juu yake kuna 48,000 ambazo hazihusiani kabisa na daladala. Siku hiyo shirika limemlipa karibu mara saba ya alicholipwa na redio yake. Akirudi mezani na kukumbuka kwamba mwenyekiti wa kijiji alilalamika kuwa bomba la awamu iliyopita lilikauka baada ya miezi michache, ataliweka lalamiko hilo aya ya ngapi? Hakuna aliyemwambia alifiche. Anajua tu kwamba wiki ijayo kuna tukio lingine, na orodha ya wanaoalikwa iko kwa afisa uhusiano yuleyule.

Fomu ile nayo ina madhara yake. Huwa na jina, chombo, namba ya simu, kiasi na sahihi, na huenda kwa mhasibu ili iambatanishwe kwenye marejesho ya fedha za mfadhili. Maana yake jina la mwandishi limekaa kwenye vitabu vya shirika analoweza siku moja kutakiwa kulichunguza, na siku hiyo karatasi itatolewa. Mbaya zaidi, wakati mwingine safu ya kiasi huachwa wazi. Mwandishi anasaini, anapokea 50,000, halafu mtu mwingine anajaza 100,000. Huyo mwandishi amegeuzwa ushahidi wa matumizi ambayo hayakufanyika, na sahihi ni yake mwenyewe.

Sera nyingi za vyombo vya habari huishia kwenye sentensi moja: mwandishi haruhusiwi kupokea zawadi wala fedha kutoka kwa chanzo cha habari. Kwa maoni yangu sentensi hiyo, ikikaa peke yake, haifanyi kazi yoyote. Inamkataza mtu aliyetumwa bila nauli kupokea nauli. Ndiyo maana kifungu cha kwanza cha sera hakipaswi kumhusu mwandishi kabisa. Kinapaswa kumhusu mwajiri. Kiseme kwamba kila anayetumwa kwenye tukio anapewa masurufu ya usafiri kabla ya kutoka, au anarejeshewa ndani ya siku zilizotajwa, na kwamba chombo kisipokuwa na fedha za kumtuma mtu, tukio halitumiwi mtu. Kifungu hicho kiwahusu waandishi wa kujitegemea sawasawa na walioajiriwa. Wao ndio wanaokwenda kwenye matukio mengi, na sera inayowaacha nje inakuwa ya mapambo.

Baada ya hapo ndipo sera ieleze nini kifanyike fedha zinapotolewa. Mwandishi akatae palepale, kwa adabu, na asisaini fomu yoyote yenye safu ya malipo. Orodha ya mahudhurio isiyo na fedha anaweza kusaini. Kama imeshindikana kukataa, kwa mfano bahasha imewekwa ndani ya mkoba wa vipeperushi na ameikuta nyumbani, amjulishe mhariri siku hiyohiyo. Kiasi kiandikwe kwenye daftari la ofisi, kisha ofisi, si mwandishi, iirudishe kwa barua na kuchukua stakabadhi. Fedha zilizoingia kwa simu zirudishwe kwa namba ileile zilikotoka, na ujumbe wa muamala uhifadhiwe. Kusema nilizigawa kwa yatima kusikubaliwe, kwa sababu kwenye vitabu vya mwandaaji mwandishi bado amelipwa.

Kuna hali ambazo katazo kavu halizitoshi. Mradi uko ndani ya wilaya ambako gari la abiria haliendi, na njia pekee ni gari la shirika. Hapo sera iruhusu, kwa idhini ya mhariri iliyoandikwa kabla ya safari, chombo kupokea usafiri wenyewe na si fedha mkononi. Malazi yakihitajika, mwandaaji ailipe nyumba ya wageni moja kwa moja. Na msomaji aambiwe kwenye habari yenyewe: «Mwandishi alisafiri kwa gharama za shirika lililoandaa ziara hii.» Mhariri anayeona aibu kuchapisha sentensi hiyo ana sababu nzuri ya kutoruhusu safari. Semina ni jambo jingine. Mwandishi akienda kujifunza, anaweza kulipiwa kama washiriki wengine, mradi chombo kijue na yeye asiwe ndiye anayeiandikia habari.

Kitu ambacho hakipaswi kuwa na idhini ya aina yoyote ni malipo yanayosubiri habari itoke. Baadhi ya waandaaji humwambia mwandishi atume kwanza kipande cha gazeti au kiungo cha habari, ndipo alipwe. Hapo hakuna tena mjadala wa nauli. Ni tangazo lililonunuliwa kwa mlango wa nyuma, na chombo chenyewe kimeibiwa mapato ya matangazo. Huko Kenya, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inazitaka hata taasisi binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wao, kwa hiyo sera hii kwa chombo cha Kenya si suala la maadili peke yake.

Mhariri anaweza kuiona bahasha bila kumpekua mtu. Habari inafunguliwa kwa jina la mgeni rasmi na vyeo vyake. Wanaonukuliwa wote walikaa meza kuu. Hakuna gharama ya mradi, hakuna mnufaika, na aya zinafanana neno kwa neno na taarifa iliyogawiwa ukumbini. Dalili nyingine ni mwandishi anayefuatilia habari ndogo kwa wasiwasi mkubwa, akiuliza kila saa itatoka lini. Lakini sera isimwangalie mwandishi tu. Bahasha za wahariri huwa nene zaidi na hupitia chakula cha jioni au malipo ya ushauri ya kila mwezi, kwa hiyo daftari lile la ofisi liwe na kurasa za wahariri pia, na litunzwe na mtu asiyepanga habari.

Sera ikishapitishwa, itumwe kwa barua fupi kwa maofisa uhusiano wote wanaoalika chombo, ikisema kwamba waandishi wetu wamelipiwa nauli na tunaomba wasiwekwe kwenye fomu ya malipo. Mwandishi kijana awe na nakala yake kwenye simu. Kukataa 50,000 mbele ya wenzake wanaopokea ni kugumu mno, na barua yenye sahihi ya mhariri mkuu inamwezesha kusema kwamba ni utaratibu wa ofisi, bila kuwahukumu waliosimama naye kwenye foleni.