P = 0.091 si cheti cha usalama: maswali ya wanaomeza dawa za maumivu

Daktari, nimesoma utafiti unaosema dawa za maumivu "hazihusiani" na moyo kupiga ovyo. Si niendelee tu?

Usiendelee kwa sababu ya sentensi hiyo. Inahusu dawa za kupunguza maumivu na uvimbe, jamii ya diklofenaki, zile ambazo watu hununua kemisti kama peremende. Waandishi waliandika "hazihusiani" kwa kuwa P ilitoka 0.091, na mazoea ni kudai iwe chini ya 0.05 ndipo waseme "zinahusiana". Shuka hadi kwenye matokeo yenyewe: uwiano wa hatari ni 1.2. Maana yake, kati ya waliochunguzwa, watumiaji walipata tatizo hilo kwa asilimia 20 zaidi ya wasiotumia. Kando yake kuna masafa ya uhakika, yale yanayoandikwa 95% CI, kuanzia 0.97 hadi 1.48. Hatari huenda inapungua kwa asilimia 3, huenda inapanda kwa asilimia 48. Aliyesoma hapo "hakuna madhara" amesoma kisichoandikwa.

Hiyo P basi ni nini?

Chukulia kwamba dawa haiathiri moyo hata kidogo, na hesabu zote zimefanywa sawa. P inasema tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea kwa bahati mara ngapi: hapa ni kama mara 9 katika 100. Basi. Haisemi kuna uwezekano wa asilimia 9 kwamba dawa ni salama, wala wa asilimia 91 kwamba ina madhara.

Lakini kuna utafiti wa awali uliosema zinahusiana. Nani anadanganya?

Hakuna. Ule wa awali ulipata uwiano uleule, 1.2. Masafa yake ni 1.09 hadi 1.33, na P ni 0.0003. Nenda soko la mbuzi la Kiamaiko, Nairobi, pima mbuzi mmoja kwenye mizani mbili. Zote zinaonyesha kilo 12, ila ya kwanza mshale umetulia na ya pili unatikisika. Utasema mizani zimepingana? Zimekubaliana; ya pili ni butu tu. Ndivyo ilivyo hapa, na bado waliochapisha utafiti wa pili waliona matokeo yao yanapingana na ya kwanza. Ukiona tafiti mbili "zinapingana", linganisha kwanza uwiano na masafa, ndipo uangalie P.

Ikiwa 1 imo ndani ya masafa, si maana yake dawa haina athari?

Hapana, na nitalirudia kila siku: *haijathibitika* si sawa na *haipo*. Namba 1 imo, kweli, lakini iko karibu kabisa na ukingo. Data hizo zinaendana na 1.44 sawasawa kama zinavyoendana na 1, kwa maana zote ziko umbali mmoja kutoka 1.2 kwa kipimo cha uwiano: 1 mara 1.2 ni 1.2, na 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Sijawahi kuona mtu akija kliniki kuniambia, "Daktari, hatari imeongezeka kwa asilimia 44." Wote huchagua ile 1, kwa sababu ndiyo inayowaruhusu kuendelea kumeza.

Basi kila anayemeza ataugua moyo?

Sikusema hivyo. Asilimia 20 ni ya nini? Tuseme, kwa mfano tu, watu 10 katika 1,000 wangepata tatizo hilo bila dawa; wakimeza watakuwa 12. Pia masafa hupima bahati peke yake. Hayajui kwamba anayemeza huenda alikuwa tayari na ugonjwa wa kuvimba viungo au shinikizo la damu, vitu ambavyo vyenyewe huusumbua moyo. Hilo utalipata kwenye sehemu ya mbinu: walirekebisha nini, na hawakurekebisha nini.

Moyo wangu hudunda kisha unaruka pigo, wiki ya tatu sasa. Nisubiri utafiti mkubwa zaidi?

Usisubiri utafiti, njoo leo. Mzee mmoja alikaa wiki tatu hivyo hivyo, sentensi ile ameihifadhi kwenye simu. Nilipomshika kifundo cha mkono, mapigo mawili yalifuatana haraka, kisha kimya, kisha matatu, bila mpangilio wowote. Moyo ukipiga hivyo damu inaweza kuganda ndani yake, bonge likapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache. Beba dawa zote unazomeza, hata zile za kemisti unazoona aibu kuzitaja. Aspirini uliyoandikiwa na daktari wa moyo usiiache mwenyewe. Na uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usije kliniki kwangu: nenda moja kwa moja hospitali kubwa, kitengo cha dharura.