Kabla Hujanunua Dola Kigoma, Piga Hesabu ya Kurudi

Msimu wa mawese ukiisha vizuri, au dagaa wakipata bei, swali linalorudi kwa wafanyabiashara wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi ni lile lile: nibadilishe akiba yangu niweke dola? Kigoma swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu watu wanavuka ziwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, wanaona biashara ikifanyika kwa dola na wanaona faranga zikianguka. Mei 2023 Burundi ilishusha thamani rasmi ya faranga yake, na dola moja ikapanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi karibu 2,800. Aliyekuwa na faranga ndani siku hiyo aliumia, na ushauri wetu kwa faranga ni mfupi: zibaki kuwa fedha za kuzungushia biashara, zisiwe akiba.

Shilingi ni habari nyingine. Wengi wanaipima kwa jicho lile lile la faranga, na hapo ndipo hesabu inapowaharibikia.

Anza na ubao wa bei ulioko benki au kwenye duka la kubadilishia fedha. Una safu mbili, kununua na kuuza, na zote zimeandikwa upande wa benki. "Kununua" ni bei ambayo benki inanunua dola kutoka kwako, na "kuuza" ni bei unayouziwa wewe. Unanunua kwa bei ya juu na kuuza kwa bei ya chini, kila mara. Bei ambayo Benki Kuu inatangaza kila siku kwenye tovuti yake ni kipimo kizuri cha kujua kama unaonewa, lakini siyo bei utakayopata dirishani.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mawese Mwanga, mwenye akiba ya Sh 12,000,000 nje ya mtaji wa biashara. Anataka kununua dola 1,100. Tuseme ubao siku hiyo unasoma kununua 2,580, kuuza 2,680. Atatoa Sh 2,948,000. Akigeuka pale pale dirishani na kuziuza, atapewa Sh 2,838,000. Sh 110,000 zimekwenda, karibu asilimia 4, na shilingi haijasogea hata kidogo.

Hiyo ni nusu ya gharama. Nusu ya pili haionekani kwenye risiti, nayo ni faida anayoiacha. Fedha hiyo hiyo angeiweka amana ya muda maalumu ya mwaka mmoja kwa asilimia 8, angepata riba ya Sh 235,840. Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, inabaki Sh 212,256. Mwisho wa mwaka angekuwa na Sh 3,160,256.

Sasa gawa kiasi hicho kwa dola zake 1,100. Unapata karibu 2,873. Hiyo ndiyo tunayoiita bei ya kurudi: bei ambayo benki inapaswa kumnunulia dola baada ya mwaka ili awe sawa tu na yule aliyebaki na shilingi. Kutoka 2,580 ya leo mpaka 2,873 ni kupanda kwa zaidi ya asilimia 11 katika miezi 12. Na kama akaunti yake ya dola inakatwa dola 1 kila mwezi, mwisho wa mwaka atabaki na dola 1,088, na bei ya kurudi itasogea hadi karibu 2,905. Asiyetaka riba anaweza kupiga hesabu hiyo hiyo kwa kutumia gawio la akaunti inayofuata sharia. Kinachobadilika ni namba, njia ni moja.

Je, shilingi huanguka kiasi hicho kwa mwaka? Mara chache. Kuanzia 2018 mpaka mwishoni mwa 2022 dola ilizunguka karibu na Sh 2,300, miaka inapita na bei haitoki hapo. Ilipofika 2023 dola zikaadimika nchini, na mwaka ukaisha bei ikiwa karibu Sh 2,500. Aliyenunua kwa 2,270 mwaka 2018 akauza kwa 2,500 mwisho wa 2023 alipata karibu asilimia 10, lakini kwa miaka 5. Amana ya asilimia 5 tu kwa mwaka ingemzidi zaidi ya mara mbili. Tunasema hivi bila kificho kwa sababu watu wengi wamekaa na dola chini ya godoro wakiamini zinakua.

Halafu kuna wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Oktoba 2024 dola ilikuwa juu ya Sh 2,700, na mazungumzo yote mjini yalikuwa kwamba itafika 3,000. Kufikia katikati ya Desemba ilikuwa imeshuka karibu na 2,400. Miezi michache baadaye, Aprili na Mei 2025, ilirudi karibu na 2,700. Mtu aliyenunua Oktoba na kulazimika kuuza Desemba ili alipe ada za Januari alipoteza zaidi ya shilingi 10 katika kila 100. Aliyeweza kungoja mpaka Mei alikaribia kurudi alipoanzia. Wote wawili walinunua kitu kimoja, siku moja. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alikuwa na tarehe ya kuihitaji fedha, mwingine hakuwa nayo.

Mwenendo huo una sababu zake. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo dola huingia kwa wingi: watalii wa Julai hadi Septemba, kisha korosho, tumbaku na mazao mengine yanayouzwa nje. Shilingi hupata nguvu. Kuanzia Januari mapato hayo hupungua huku waagizaji wa mafuta na bidhaa wakiendelea kutafuta dola, na shilingi hulegea. Haitokei kila mwaka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo usiifanye kamari. Faida yake kwa mwekaji wa kawaida ni ndogo lakini ya kweli: watu wanapokimbilia dola mwezi wa 4 au wa 5, huo kwa kawaida siyo mwezi wa kununua kwa mkupuo. Gawa kiasi chako mafungu 4 au 6, nunua fungu moja kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Hutapata bei nzuri kuliko zote, na hutaangukia mbaya kuliko zote.

Kwa nini basi mtu aweke dola kabisa? Sababu tunayoiona kuwa nzito ni moja: ana matumizi yajayo yanayofuata dola. Mfano ulio wazi ni mzee wa Ujiji anayekusanya fedha za Hija. Nauli ya ndege hufuata dola, na malazi kule hulipwa kwa riyali, ambayo tangu 1986 imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75. Shilingi ikilegea kwa asilimia 10, safari yake inapanda kwa karibu kiasi hicho hata kama hakuna aliyeongeza bei. Hali ni hiyo hiyo kwa fundi anayekusanya fedha za kuagiza injini ya boti kutoka nje. Hawa hawatafuti faida. Wanajikinga na kupanda kwa gharama yao, na ile asilimia 4 ya dirishani ndiyo ada ya kinga hiyo.

Jambo moja walijue mapema. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni. Kuwa na dola au akaunti ya dola hakujakatazwa. Lakini wakala wa safari aliyeko hapa atalipwa shilingi, kwa hiyo dola hizo zitapita tena dirishani, safari hii kwa bei ya kununua. Weka gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Turudi kwa mama wa Mwanga, ambaye hana matumizi ya dola yanayomngoja. Matumizi ya nyumba yake ni Sh 900,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni Sh 5,400,000, na hizo zibaki shilingi, mahali anapoweza kuzifikia. Zinabaki Sh 6,600,000. Kwa mtu wa aina yake hatushauri kuvuka robo ya kilichobaki, yaani Sh 1,650,000. Kwa bei ya 2,680 hiyo ni kama dola 600, siyo 1,100 alizotaka. Dola zikishuka kwa asilimia 12 kama zilivyofanya mwisho wa 2024, atapungukiwa na karibu Sh 190,000 kwenye karatasi. Inauma, lakini haimlazimishi kuuza. Anazinunua kwa mafungu 4 ya dola 150.

Akienda benki, aulize mambo manne kabla ya kusaini: makato ya akaunti ya dola kwa mwezi, kiwango cha chini cha kubaki nacho, ada ya kuweka na kutoa noti taslimu, na bei ya kuhamisha kutoka akaunti ya shilingi kwenda ya dola. Hili la mwisho husahaulika. Mara nyingi bei ya kuhamisha kwenye akaunti ni nafuu kuliko ya noti mkononi, na kama kiasi ni kikubwa unaruhusiwa kuomba bei iliyo nzuri kuliko ya ubaoni.

Noti taslimu zina matatizo yake. Noti za zamani zenye picha ya kichwa kidogo hukataliwa au hupunguzwa bei, na noti za dola 1, 5, 10 na 20 mara nyingi hununuliwa chini ya zile za 50 na 100. Iliyochanika, yenye muhuri au maandishi ya kalamu, au iliyopata ukungu kwa unyevu wa masika, hurudishwa. Ukipokea noti ya 100 ya toleo lililoanza Oktoba 2013, tazama utepe wa buluu: umefumwa ndani ya karatasi, haukuchapwa juu yake. Iinamishe noti, na picha za kengele ndani ya utepe zitageuka kuwa namba 100 huku zikisogea. Namba 100 ya kona ya chini kulia hubadilika kutoka rangi ya shaba kuwa kijani. Ya bandia huwa na utepe uliopakwa ambao hausogei.

Wabadilishaji wa mkononi kule mwaloni huweza kukupa bei tamu kwa shilingi 20 au 30. Kwa dola 150 hiyo ni kati ya Sh 3,000 na 4,500. Hawana leseni, hawatoi risiti, na noti ikigundulika ni bandia benki haitakurudishia chochote. Risiti ya benki au ya duka lenye leseni ihifadhi pamoja na dola zenyewe; ndiyo inayoonyesha zilikotoka na bei uliyonunulia.

Nyuma ya risiti ya kila fungu andika kwa kalamu bei yako ya kurudi na tarehe uliyoipigia hesabu. Siku ubao wa benki, safu ya kununua, ukipita namba hiyo, uza nusu. Usipopita kwa miezi 12, piga hesabu upya kwa riba ya siku hiyo kabla ya kuamua kama zibaki mwaka mwingine.