"Nitajaribu" si kukataa kwa adabu

Wiki hii nimeoneshwa tena barua pepe ya mwenzetu aliyeongezewa kazi akiwa tayari amejaa: "Shikamoo mama, nimebanwa kidogo ila nitajaribu." Yeye aliamini amekataa kwa heshima. Mama, mkuu wake, akaelewa amekubali, akawa anasubiri Ijumaa ifike.

Nasimamia kazi za takwimu kwenye ofisi ya mradi hapa Tabora, na imani hii kwamba kusema "sitaweza" ni utovu wa adabu imenichosha. "Nimebanwa kidogo" inamwambia mkuu kuwa nafasi ipo, ukisukumwa itapatikana. "Nitajaribu" ni ahadi; ukishaitoa, kazi imehamia mezani kwako. Hata "nimezidiwa" haimsaidii, maana kila mtu ofisini husema hivyo naye hana cha kupimia.

Kinachopimika ni saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Tuliketi na mwenzetu tukahesabu wiki yake: kuingiza madodoso ya wafugaji nyuki saa 24, safari ya Sikonge saa 9, ripoti ya mwezi saa 10. Jumla 43, zimebaki 2. Kazi aliyoongezewa, kusafisha orodha ya vikundi, ingekula 12. Tukaandika upya:

> Kichwa: Orodha ya vikundi – sitaweza kuimaliza Ijumaa
>
> Shikamoo mama. Orodha ya vikundi sitaweza kuimaliza Ijumaa hii. Inahitaji saa kama 12, na wiki hii nimebakiwa na 2 baada ya madodoso, safari ya Sikonge na ripoti ya mwezi. Ripoti ikisogezwa hadi wiki ijayo, orodha itakuwa tayari Ijumaa. Naomba uniambie kipi kitangulie.

Salamu imebaki, na jibu liko mwanzoni, hata kwenye kichwa, kwa sababu wakuu wengi husoma kwenye simu wakiwa njiani. Angalia pia kwamba kinachosogezwa kinatosha kweli: saa 10 za ripoti na 2 zilizobaki ndizo 12. Ukipendekeza kusogeza kitu cha saa 3, umerudi kwenye "nitajaribu". Sheria usiitaje kwenye barua. Ni ya kukusaidia kuhesabu. Ukimwandikia mkuu kifungu, umefungua mgogoro.

Ninachositasita ni barua yenyewe. Kwa mkuu mtu mzima, mara nyingi naingia kwanza ofisini kwake nikamweleza kwa mdomo, ndipo barua ifuate kama kumbukumbu. Na yupo atakayejibu "fanya vyote viwili". Hapo muulize saa za ziada zitakuwa siku zipi, kwa kuwa hizo hufanywa kwa makubaliano na hulipwa mara moja na nusu.

Huyu mama alijibu mchana uleule: "Marahaba. Ripoti isubiri."