Mba: shampuu nne za dawa na matatizo manne tofauti

Dhana: Kichwa kinabanduka kwa sababu ni kikavu, kwa hiyo kipakwe mafuta.

Mara nyingi mambo ni kinyume kabisa. Juu ya kichwa cha kila mtu huishi kuvu ndogo ziitwazo Malasezia, na chakula chao ni mafuta ya ngozi. Zikishayala huacha asidi ya oleiki, na kuna watu ambao ngozi yao huchokozwa na asidi hiyo. Hapo ngozi hujibu kwa kutengeneza seli upesi kupita kiasi, nazo hubanduka kwa mafungu kabla ya wakati wake. Ukimpaka mafuta mtu wa namna hii, unazilisha kuvu zile zile zinazomsumbua.

Tofauti huonekana kwa jicho na kwa kidole. Magamba ya mba huwa makubwa kiasi, ya manjano kidogo, na yanateleza kwa mafuta ukiyasugua. Ya ukavu ni madogo, meupe, kama vumbi. Ngozi huhisi imevutwa, na aghlabu miguu na mikono nayo ni mikavu. Ukavu huo hauhitaji shampuu ya dawa hata moja. Punguza kuosha na utumie shampuu laini.

Dhana: Shampuu zote za mba ni kitu kimoja.

Shampuu ya zinki pirithioni hupunguza kuvu kwa kuingiza shaba nyingi ndani ya seli zao. Ni pole, na ndiyo ninayoanza nayo mba ukiwa mwepesi, usio na mabaka wala mwasho mkali. Seleni salfaidi hupiga kuvu na pia hupunguza kasi ya ngozi kuzaa seli, kwa hiyo inakifaa kichwa chenye mafuta mengi. Hubadilisha rangi ya nywele zilizopakwa rangi au zenye mvi, kwa hiyo isuuzwe vizuri sana, na vito vivuliwe kwanza.

Ketokonazoli huharibu utando wa kuvu wenyewe. Hii naiweka kwa mba ulioambatana na mwasho na mabaka, hasa yakishuka hadi kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huenda yasiwe mekundu. Mara nyingi ni sehemu zilizopauka au zilizokolea. Ile ya asilimia 2 hutumika mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kila wiki moja au mbili ili mba usirudi.

Dhana: Ukishapaka na kutoa povu, kazi imekwisha.

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na linaifanya dawa nzuri ionekane haifai. Dawa inahitaji kukaa dakika 3 hadi 5, tena juu ya ngozi, si juu ya nywele. Gawa nywele kwa mistari, paka kwenye mistari, kisha hesabu dakika.

Dhana: Ikishindikana, ongeza nguvu ya dawa ya kuvu.

Chukua mtu aliyetumia ketokonazoli kwa usahihi kwa wiki 6 bila nafuu. Magamba yake ni mazito, ya rangi ya fedha, yamekusanyika kwenye vipande vyenye mpaka dhahiri vinavyovuka mstari wa nywele kuingia kwenye paji la uso. Mwulize kuhusu viwiko, magoti na kucha. Kama viwiko vina magamba yale yale na kucha zina vishimo vidogo kama vya kuchomwa sindano, hiyo yaelekea ni soriasisi, na chanzo chake si kuvu bali kinga ya mwili inayoiharakisha ngozi.

Hapo ndipo shampuu ya nne, ya lami ya makaa ya mawe, ina nafasi yake, kwa kuwa hupunguza kasi ya seli kuzaliana. Lakini haiwezi kupenya gamba nene. Gamba lilainishwe kwanza kwa asidi ya salisiliki, kisha lami ipakwe. Ina harufu kali, hutia doa nywele zenye rangi hafifu, na huifanya ngozi iungue upesi juani, kwa hiyo kichwa kifunikwe. Ikichochea vipele kwenye vinyweleo, iachwe.

Dhana: Mtoto mwenye mabaka ya kichwani atapona kwa shampuu ya kuvu.

Ukiona mabaka ambayo nywele zimekatika, vidoa vyeusi palipokuwa na nywele, na tezi zilizovimba nyuma ya shingo, fikiria mapunye. Kuvu wa mapunye wamo ndani ya unywele na mzizi wake, mahali ambapo shampuu haifiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama grizeofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Shampuu ya ketokonazoli au ya seleni salfaidi, mara mbili kwa wiki, hupunguza tu mbegu za kuvu zinazoweza kuwaambukiza wengine nyumbani.