Kwa nini mstari wa mahitaji ya jumla huteremka: tazama benki kuu

Wanafunzi wengi huniambia mstari wa mahitaji ya jumla huteremka kwa sababu bei zikipanda watu hununua kidogo. Maelezo hayo yanafaa kwa soko la bidhaa moja. Kwenye modeli inayofuata uchumi kipindi baada ya kipindi, mhimili wa wima hauna bei, una mfumuko wa bei, na kinachouinamisha mstari ni tabia ya benki kuu.

Tuanze na milinganyo miwili. Wa kwanza unasema matumizi hupungua riba halisi inapopanda. Wa pili ni kanuni ya sera ya fedha, kwa uzito wa 0.5 aliotumia mwanauchumi John Taylor mwaka 1993:

```
Y = 100 − (r − 2)
i = π + 2 + 0.5(π − 2) + 0.5(Y − 100)
```

Y ni pato, ambalo hapa ni sawa na matumizi, na 100 ni kiwango chake cha kawaida. π ni mfumuko wa bei, ambao lengo lake ni asilimia 2. i ni riba inayotangazwa, na r ni riba halisi, yaani i ukitoa mfumuko unaotarajiwa. Tuchukulie watu wanatarajia mfumuko wa kesho uwe kama wa leo, hivyo r = i − π. Ukiunganisha yote, i na r zinatoweka:

```
Y = 100 − (1/3)(π − 2)
```

Huo ndio mstari wenyewe. Mfumuko ukiwa 2, riba ni 4, riba halisi ni 2 na pato ni 100. Sasa upandishe hadi 5. Pato linakuwa 99, na kanuni inadai riba ya 5 + 2 + 1.5 − 0.5 = 8. Mfumuko umepanda kwa 3 lakini riba imepanda kwa 4, kwa hiyo riba halisi imefika 3. Ni hiyo pointi moja ya ziada inayowafanya wakopaji wasite.

Sasa tuseme benki ni ya woga, na kila mfumuko ukipanda kwa 1 inapandisha riba kwa 0.8 tu. Riba halisi inashuka, mikopo inakuwa nafuu, na mstari unapanda badala ya kuteremka. Mfumuko unachochea matumizi, nayo matumizi yanauchochea mfumuko. Makadirio ya wanauchumi Clarida, Galí na Gertler yanaonyesha kwamba benki kuu ya Marekani ilikuwa na mwenendo wa aina hii kabla ya Paul Volcker kuwa mwenyekiti wake mwaka 1979.

Hata benki shupavu ina mpaka, endapo riba haiwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa namba zetu, kanuni inagota sifuri mfumuko ukiwa −1, na pato ni 101. Mfumuko ukianguka hadi −3, riba inabaki sifuri, riba halisi inapanda hadi 3, na pato linarudi 99. Chini ya −1, mstari umegeuka.