Amevunja ungo lakini hakui: mtoto, tezi ya shingo na mwalimu wake

"Daktari, mtoto huyu amevunja ungo, lakini mbona hajakua?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa amevuka asubuhi kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Binti yake, nitakayemwita Nyamizi, alikuwa na miaka kumi na miezi miwili, yuko darasa la nne. Alikuwa ametoka damu mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mara ya kwanza walidhani ni kichocho, akapewa dawa. Kwa mtoto anayeoga ziwani hilo ni wazo la kwanza la mtu yeyote. Mara ya pili mama aliogopa jambo baya zaidi, kwamba kuna mtu amemdhuru mtoto, na alilia wiki nzima kabla ya kuthubutu kumuuliza. Kumuuliza ilikuwa sahihi, na sisi pia tuliuliza na kumpima kwa makini. Hakukuwa na dalili yoyote ya hilo. Kisha ultrasaundi ikaonyesha vifuko vikubwa vya maji kwenye ovari zote mbili, na kituo kimoja kikampangia siku ya upasuaji.

Swali la mama lilikuwa na jibu ndani yake. Mtoto anayebalehe mapema hurefuka haraka kuliko wenzake, na mifupa yake hukomaa kabla ya wakati. Ndiyo maana msichana anayeanza hedhi na miaka minane au tisa huwa mrefu darasani, halafu baadaye wenzake humpita. Nikiona mtoto ana dalili za kubalehe na papo hapo ameacha kurefuka, ninafikiria tezi ya shingo, yaani thairoidi, iliyolegea na kutoa homoni kidogo mno. Sijui ugonjwa mwingine wa watoto unaoleta mambo hayo mawili kwa pamoja namna hii.

Nyamizi alikuwa na sentimita 119, urefu wa mtoto ambaye hajafikisha miaka saba. Uzito wake ulikuwa kilo 29, kwa hiyo nyumbani walimwona "amenenepa vizuri" na hakuna aliyeshtuka. Mama alikuwa ameitunza kadi ya kliniki, nami huwa nawashukuru sana akina mama wanaofanya hivyo. Alipofikisha miaka mitano alikuwa na sentimita 108. Mtoto wa umri huo hadi kubalehe huongezeka sentimita tano au sita kila mwaka. Nyamizi alipaswa kupata kati ya ishirini na tano na thelathini katika miaka mitano, na alipata kumi na moja.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao shule zetu za kandokando ya ziwa zinao bila kujua. Siku ya kugawa dawa ya kichocho, kila mtoto husimamishwa kwenye kijiti cha kupimia, na urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi. Kati ya sentimita 110 na 124 ni kidonge kimoja na nusu. Ukifika 125 ni viwili. Nyamizi mwenyewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hupewa kimoja na nusu na wadogo, wakati rafiki zake wamehamia viwili tangu mwaka juzi. Kijiti hicho hakitoshi kutambua ugonjwa, kwa sababu kila hatua ina nafasi ya sentimita kumi au zaidi, lakini mtoto anayebaki nyuma ya marafiki wa rika lake miaka miwili mfululizo anastahili kupimwa vizuri.

Eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka sita na nusu. Matiti yalikuwa yameanza kuota, lakini nywele za sehemu za siri hazikuwepo kabisa, na hiyo pia ni alama ya hali hii. Ngozi ilikuwa kavu, mapigo ya moyo 62 kwa dakika, choo kigumu, himoglobini 9.1. Kwenye karatasi ya maabara, TSH iliandikwa "zaidi ya 100", maana mashine haihesabu zaidi ya hapo. Ya kawaida huishia karibu 4 au 5. T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa chini kabisa. Kingamwili dhidi ya thairoidi zilikuwa juu: mwili wake wenyewe ulikuwa ukiishambulia tezi yake, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912.

TSH ni sauti ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Tezi ikinyamaza, ubongo hupaza sauti zaidi na zaidi. Umbo la TSH linafanana kwa sehemu na homoni inayoamsha ovari, kwa hiyo ikizidi sana kwa miaka, ovari nazo husikia na kuamka: hutengeneza vifuko, hutoa estrojeni, na damu hutoka. Huo si ubalehe wa kweli, kwa sababu mfumo wa ubongo unaouongoza bado umelala. Madaktari Van Wyk na Grumbach waliuandika mwaka 1960, na hali hii hubeba majina yao. Niseme wazi kwamba watoto wengi wenye thairoidi iliyolegea huchelewa kubalehe. Nyamizi ni wa wale wachache.

Niliomba upasuaji usitishwe. Vifuko vya namna hii havihitaji kisu, vinahitaji homoni inayokosekana.

Mama aliuliza kama ni ugali wa muhogo. Swali la haki kabisa kwa mtu wa Ukerewe. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha kemikali inayoizuia tezi kuchukua madini joto, na hilo huleta rovu pale ambapo chumvi haina madini joto ya kutosha. Lakini kwa Nyamizi kingamwili ndizo zilizoharibu tezi. Nilimwambia aendelee na muhogo wake ulioandaliwa vizuri na chumvi ya kawaida ya dukani, na asimnunulie dawa za madini joto, kwani tezi yenye Hashimoto inaweza kulegezwa zaidi na madini hayo yakizidi.

Tulianza levothairoksini, yaani homoni hiyo kwa kidonge, maikrogramu 25 kwa siku. Kwa uzito wake dozi ya mwisho ingekuwa karibu 100, lakini mwili uliozoea ukosefu kwa miaka haushtuliwi. Tulipandisha kwa maikrogramu 25 kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Nilimwambia mama arudi mara moja mtoto akiumwa kichwa na kutapika au kuona vibaya, kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu linaweza kupanda mwanzoni mwa matibabu, na pia akichechemea au kulalamika goti, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwa watoto hawa. Maumivu ya nyonga huhisiwa gotini, na hapo ndipo wengi hupotea.

Wiki ya nane tangu dozi ifike maikrogramu 100, TSH ilikuwa bado 38. Mama aliapa kwamba kidonge hakikosekani, nami nilimwamini, kwa sababu mtoto anayeruka vidonge halafu akavikimbilia siku chache kabla ya kipimo huwa na T4 nzuri na TSH mbaya, na T4 ya Nyamizi ilikuwa bado chini. Nikamwomba anisimulie asubuhi ya mtoto hatua kwa hatua. Aliamka, akapewa kidonge changu pamoja na kidonge cha kuongeza damu, akanywa uji wa lishe. Madini ya chuma hukamata levothairoksini tumboni, na uji wake ulikuwa na unga wa soya, ambao nao hupunguza dawa inayoingia. Tukapanga upya: levothairoksini alfajiri kwa maji matupu, uji baada ya nusu saa hadi saa nzima, na dawa ya damu jioni. Wiki nane baadaye TSH ilikuwa 4. Siku meli ikichelewa na dawa ikakosekana, nilimwambia, asihofu, kwa sababu baada ya wiki moja nusu yake bado imo mwilini.

Damu ilikoma, na mwezi wa nne wa tiba ultrasaundi haikuona vifuko tena.

Sasa nifike kwenye shule, ambako nilikaribia kumpoteza mgonjwa huyu. Mwezi wa tano wa tiba mama alikuja na barua ya mwalimu. Nyamizi, aliyekuwa mfano wa darasa, sasa anaongea, anasimama ovyo, anabishana, mwandiko umeharibika, na kwenye hesabu ameshuka kutoka nafasi ya sita hadi ya kumi na tisa. Mama aliweka dawa mezani akasema, "Daktari, zamani alikuwa na adabu. Dawa hii inamharibia mtoto."

Niliipeleka barua ile moyoni, maana mwalimu hakukosea alichokiona. Mtoto ambaye thairoidi yake imelegea huwa mtulivu, hukaa palepale, huandika taratibu na kwa usafi, na shule hulipenda hilo. Hakuna anayejua kwamba anahisi baridi na usingizi. Dawa inapomwamsha, kwa mwaka wa kwanza au zaidi anaweza kuwa mtukutu na umakini kuyumba, wakati anajifunza kuishi na nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia. Kwanza nilipima kama dozi imezidi: mapigo 84, hatetemeki, TSH na T4 sawa. Ingekuwa imezidi, ningepunguza. Haikuwa.

Nilimweleza mama pia kile alichoogopa kukiuliza, kwamba akili ya mtoto haijaharibika. Tezi ikilegea kwa mtoto mchanga bila tiba, ubongo hudhurika moja kwa moja; lakini kwa aliyepata ugonjwa baada ya miaka mitatu, sehemu kubwa ya ujenzi wa ubongo imekwisha, na kinachopungua ni kasi. Nilimwandikia mwalimu, kwa ruhusa ya mama, nikamwomba amkalishe mbele, ampe kazi fupifupi, na asimpige kwa kuchezacheza. Tangu Nyamizi, naandika barua hiyo siku ninapoanzisha dawa, kabla mwalimu hajaanza kushangaa.

Ana mwaka na miezi miwili kwenye tiba. Ana sentimita 129, na safari hii kwenye kijiti alipewa vidonge viwili. Hesabu yake ni nafasi ya tisa. Lakini mifupa imeruka kutoka miaka sita na nusu hadi tisa, kasi kubwa kuliko ya urefu, na ubalehe wa kweli sasa unaweza kuanza wakati wowote na kufunga nafasi iliyobaki. Kwa urefu wa wazazi wake angetarajiwa kufika karibu sentimita 160. Nimemwambia mama kwamba huenda sehemu ya miaka ile isirudi, na kwamba nitampima kila baada ya miezi mitatu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama meli ya saa nane bado ipo.